Uzi: Nataka kufungua hoteli ya chakula Arua, nianze na leseni au na ukaguzi wa afya?

mama_kalo
Habari zenu ndugu. Nimepata chumba Arua, Uganda, kando ya barabara ya kwenda Koboko. Nataka kuuza chakula cha mchana: kalo, wali, maharage, nyama ya kuchemsha, samaki, na juisi ya maembe na ya pasheni. Chumba kina upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 5. Kina mlango wa mbele na mlango mdogo wa nyuma. Bomba la maji liko uani. Choo ni cha shimo, tunatumia pamoja na maduka matatu ya jirani. Nitapika kwa sigiri mbili za makaa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na anasema kuna mtu mwingine anakitaka.

Kila ninayemuuliza ananipa orodha yake. Mmoja anasema niende URSB, ofisi ya usajili wa biashara, kwanza, mwingine anasema nitafute TIN, namba ya mlipakodi, mwingine anasema nikapimwe damu. Nianze wapi? Na huyo bwana afya akija anaangalia nini hasa?

duka_nansana
Dada, ni rahisi. Nilifungua kibanda cha chakula mwaka juzi. Unakwenda URA, mamlaka ya kodi, unapata TIN, bure. Halafu unalipia leseni ya biashara KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, unaitundika ukutani, unafungua. Mambo ya afya ni baadaye, wanakuja wakati wa kuhuisha leseni. Usihangaike na kampuni wala wakili.

afya_mstaafu
Mama kalo, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa kodi. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa afya katika manispaa mbili kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Ndugu wa Nansana yuko sahihi kwenye TIN: ni bure, na bila hiyo huandikiwi leseni. Pia ni kweli huhitaji kampuni. Ukifanya biashara kwa jina lako mwenyewe hulazimiki kusajili kitu URSB. Ukitaka kibao chenye jina lingine, basi jina hilo lisajiliwe.

Lakini KCCA haihusiki nawe, dada. Mamlaka yake ni tarafa tano za Kampala: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Hata Nansana yenyewe ni manispaa iliyo ndani ya wilaya ya Wakiso. Wewe uko Arua, ambayo ni jiji tangu Julai 2020, kwa hiyo unakwenda ofisi ya tarafa ya jiji ambamo chumba kipo. Kiasi cha leseni kinategemea aina ya biashara na daraja la eneo, ndiyo maana huwezi kuchukua bei ya mtu wa mji mwingine ukaipangia bajeti.

Hilo la kusema afya ni baadaye ndilo linalowagharimu watu. Kwa biashara ya chakula, afisa biashara anataka kwanza kuona maoni ya afisa afya kuhusu jengo. Kibanda kinaweza kuponyoka mwaka wa kwanza kwa sababu hakuna aliyepita. Mwaka wa pili anapita mtu, anakuta mfereji hauna pa kwenda, na wewe umeshalipa kodi, umejenga kaunta, umeandika ukuta.

Kwa hiyo kabla ya leseni, kabla ya kupimwa, kabla hata ya kumpa mwenye nyumba shilingi moja, nenda ofisi ya afya ya tarafa uombe waje waone chumba. Mwambie afisa utapika nini, kwa moto gani, na unatarajia watu wangapi. Mengi yanayokataliwa hayatoki kwenye usafi wa mpishi. Yanatoka kwenye jengo: maji safi yanaingiaje, maji machafu yanatokaje, moshi unapita wapi, choo kiko wapi na ni cha nani. Ukuta mchafu unaupaka rangi Jumapili. Mfereji usiokuwepo huupaki rangi.

duka_nansana
Mzee nakubali kuhusu KCCA, nilichanganya kwa sababu nilianzia Kawempe kabla ya kuhamia huku. Ila mimi sikuombwa barua ya afya. Pengine kila mji una yake.

afya_mstaafu
Utekelezaji unatofautiana, hilo ni kweli kabisa. Sheria ya Afya ya Umma ni moja. Na kama ulikuwa na leseni ya Kawempe, haikufuati Nansana. Leseni ni ya eneo lile ulilolitaja kwenye fomu.

busia_mpakani
Mimi nina hoteli upande wa Busia, Kenya. Nina kibali cha kaunti na vyeti vya afya vya wafanyakazi wangu wote. Sasa kwa kuwa tuko Jumuiya moja, dada akipata cheti kule Kenya si anaweza kukitumia Arua? Kwetu ni haraka.

afya_mstaafu
Hapana, ndugu. Swali la dada si hilo, lakini nijibu kwa faida ya wa mpakani. Soko la pamoja linamruhusu mtu kufungua biashara upande wa pili. Halimwondolei leseni wala ukaguzi wa pale anapofungua. Jengo la Uganda linakaguliwa na afisa wa Uganda. Matokeo ya maabara unaweza kumwonyesha afisa, lakini cheti atakachokutambua nacho ni cha kituo ambacho halmashauri yake inakikubali.

mama_kalo
Asante mzee. Nimekwenda leo asubuhi. Afisa aliyekuwa zamu amesema atakuja Alhamisi. Mwenye nyumba hakufurahi lakini amekubali kusubiri. Sasa niambie ataangalia nini, nisije nikasimama pale kama mgeni.

afya_mstaafu
Vizuri sana. Tuchukue chumba chako kama ulivyokieleza.

Anza na maji machafu. Jaza jerikeni ya lita 20, imwage polepole sakafuni pale utakapooshea vyombo, kisha usimame uangalie. Yakituama katikati, sakafu haina mwinamo. Yakitoka nje, yafuate kwa miguu hadi mwisho. Yakiishia barabarani au kwa jirani, hapo ndipo ukaguzi utakapokwama, na afisa anaweza kutoa ilani ya kuondoa kero. Yanatakiwa yaingie kwenye mfereji uliofunikwa hadi shimo la kunyonya maji au mfumo wa majitaka. Kabla ya shimo weka kisanduku cha saruji cha kunasa mafuta, chenye kifuniko kinachoinuka. Mchuzi wa nyama una mafuta, yakipoa yanaganda na kuziba udongo usinyonye. Utajua shimo limeanza kuziba maji yanapochelewa kushuka na harufu inapopanda mchana. Kisanduku hicho kisafishwe kila wiki.

Pili, moto. Sigiri mbili ndani ya chumba cha mita 3.5 kwa 5 pamoja na wateja hakuna afisa mwangalifu atakayekubali. Si moshi peke yake. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mpishi anaanza kwa kichwa kuuma na kizunguzungu. Una mlango wa nyuma, utumie. Jenga banda la kupikia uani: bati juu, sakafu ya saruji, ukuta wa nusu ulioplastwa, na wavu juu yake hadi batini. Ndani ya chumba ubaki na meza ya kugawia chakula na sehemu ya kuoshea. Sehemu hiyo ikichukua theluthi ya chumba, wateja wanabaki na kama mita za mraba 11 au 12. Hapo ni watu 12 kukaa bila kubanana. Usimwambie afisa 30.

Kuta za pale unapoandalia na kuosha ziwe laini, zinazooshwa, angalau kufikia kifuani. Rangi ya mafuta juu ya plasta nzuri inatosha kwa mwanzo, si lazima vigae.

Tatu, mikono. Huna sinki, sawa. Jerikeni yenye kibomba au ndoo yenye bomba, juu ya stendi, na beseni chini la kupokea maji. Moja ya wateja mlangoni, nyingine ya wapishi peke yao. Sabuni iwepo wakati wote. Nimeona watu wanaweka sabuni asubuhi ya ukaguzi ikiwa bado na karatasi yake. Afisa anajua maana yake.

Choo nakiacha mwisho kwa sababu ndicho kinachonipa wasiwasi. Choo cha shimo hakikukatazi wewe kufungua. Lakini kiwe na mlango unaofungika, kifuniko cha tundu, sakafu inayooshwa, na mahali pa kunawa pale pale nje. Maduka matatu mkishirikiana nacho, nani anakisafisha? Afisa atauliza. Lipate jibu kwa maandishi kutoka kwa mwenye nyumba.

pweza_jinja
Mzee nami nina swali. Natengeneza siagi ya karanga na pilipili ya chupa nyumbani, nauza kwenye maduka ya Jinja. Nina leseni ya biashara. Duka moja kubwa limenikatalia, linasema sina alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Je, dada naye hatahitaji alama hiyo kwa chakula chake?

afya_mstaafu
Hayo ni mambo mawili. Sahani ya kalo inayoliwa pale pale haina alama ya UNBS. Chakula kilichofungwa kwenye chupa chenye lebo, kikapelekwa kuuzwa kwingine, kinaingia kwenye viwango vya lazima, na wewe unatakiwa upate kibali cha kutumia alama yao. Wanakagua mahali unapotengenezea na wanapima sampuli. Kwa karanga watapima sumu ya ukungu, kwa hiyo anza na ukaushaji na uchambuaji wa karanga zako kabla ya kupeleka chupa maabara.

Mama kalo, UNBS itakugusa kwa njia moja tu: ukiuza kitu kwa mizani, kwa mfano samaki kwa kilo. Mizani inahakikiwa kila mwaka na kupigwa muhuri.

dereva_koboko
Mimi si mpishi, ni mlaji. Kuna mahali nilikula njiani nikalazwa siku nne. Walikuwa na leseni ukutani, nimeisoma kwa macho yangu. Sasa hizi leseni zina maana gani?

afya_mstaafu
Pole sana ndugu. Leseni inasema jengo lilikaguliwa na ada ikalipwa. Haisemi maharage ya jana yalihifadhiwa vipi. Ndiyo maana afisa makini hakai kwenye karatasi tu, anafunua sufuria.

Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi, vijidudu vinazaana. Kwa hoteli isiyo na friji njia salama ni kupika kinachoisha siku hiyo, kukiweka juu ya moto mdogo kikiwa kinatoa mvuke, na kutolaza kitu. Wali hasa. Wali uliopoa mezani tangu saa sita hadi jioni una vijidudu vinavyoacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha tena. Dada, afisa akikuuliza mabaki unayafanyaje, awe na kitu cha kuona: ndoo ya mabaki yenye kifuniko, na mtu wa nguruwe au kuku anayeichukua jioni.

mama_kalo
Na juisi? Nilitaka kuifanya kubwa, maembe yakiiva hapa ni mengi.

afya_mstaafu
Juisi ndiyo hatari zaidi kwenye orodha yako yote, kuliko nyama. Nyama unaichemsha. Juisi hupiki, na nusu yake ni maji. Mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko wa taifodi wenye wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 10,000, na uchunguzi ulielekeza kwenye maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Tangu hapo maafisa wengi huuliza juisi kwanza.

Maji ya juisi yachemke yakitoa mapovu makubwa, yapoe ndani ya chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa, usiyahamishie kwenye jerikeni ya kawaida. Barafu nayo ni maji. Ukinunua barafu usiyoijua ilikotoka umerudisha kila kitu nyuma. Matunda yaoshwe kabla ya kukatwa. Kwa vyombo na meza, vijiko viwili vya mezani vya dawa ya klorini ile ya dukani ya asilimia 3.5, ndani ya lita 10 za maji. Osha kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo utumie hiyo, uache vikauke vyenyewe rafuni. Ukiitia kwenye maji yenye mafuta haina kazi.

mkaanga_mbale
Samahani wakubwa, mimi nataka kusema kuhusu kupimwa. Nilipimwa taifodi kwa damu, wakaniambia chanya. Siumwi chochote. Nikanyimwa cheti, nikalipa dawa, nikarudi, bado chanya. Mtu mmoja pale akaniambia kuna njia ya kulimaliza nikimwachia kitu. Nilikataa nikapoteza mwezi mzima.

afya_mstaafu
Ulifanya vyema kukataa, mwanangu. Malipo yote ya serikali yana namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na risiti inabaki na wewe. Asiyekupa namba ya malipo usimpe pesa.

Kuhusu kipimo: kile cha damu kinatafuta alama ambazo mwili uliziacha baada ya kukutana na ugonjwa. Mtu aliyeugua zamani anaweza kuonyesha chanya akiwa mzima. Kipimo kinachojibu swali la mpishi ni cha kuotesha choo kikubwa maabara, kwa sababu mtu anaweza kubeba vijidudu kwenye nyongo kwa muda mrefu bila dalili na kuvitoa kupitia choo. Omba hicho. Kinachukua siku kadhaa na si kila kituo kinacho, huenda ikabidi uelekezwe hospitali kubwa ya mkoa.

muuguzi_gulu
Naongezea kama mtu wa kituo cha afya. Wapishi wanakuja kwetu wakiwa wawili, wanataka vyeti vya watu sita. Hatupimi mtu asiyekuwepo. Kila anayegusa chakula au vyombo aje mwenyewe na kitambulisho cha taifa, pamoja na anayeosha sahani. Na tunaangalia zaidi ya choo na damu: ngozi, kucha, vidonda mikononi, kikohozi cha muda mrefu.

Ila mzee, mimi sikubaliani nawe kidogo. Vituo vidogo vikisubiri kuotesha choo kwa kila mpishi, hakuna atakayefungua biashara. Kipimo cha damu kina kasoro lakini ndicho tulicho nacho.

afya_mstaafu
Nakuelewa binti. Ninachosema ni kwamba asinyimwe mtu cheti kwa karatasi hiyo moja. Tutabaki tunatofautiana kuhusu wengine wote.

Jambo ambalo sote tunakubaliana: cheti kinaeleza siku uliyopimwa. Anayeharisha leo akae nyumbani hadi zipite saa 48 tangu kuharisha kukome, hata kama cheti chake ni kipya.

mama_kalo
Ndugu, afisa amekuja leo. Ni mwanamke, mwenye heshima sana. Nilimwaga maji ya jerikeni mbele yake kabla hajauliza, akaniangalia akaandika. Haya ndiyo aliyoacha kwenye karatasi.

Chumba kinakubalika kwa kuuzia na kulia chakula kwa masharti. Banda la kupikia nje, kama mzee alivyosema. Mfereji ufunikwe na shimo lichimbwe. Madirisha yawekewe wavu. Pipa la taka lenye kifuniko. Kibao cha kukataza sigara ndani. Wapishi wote wapimwe, wavae aproni na kufunika nywele. Nyama ninunue kwenye bucha inayouza nyama yenye muhuri wa daktari wa mifugo, na nitunze risiti. Atarudi baada ya wiki tatu, ndipo aandike maoni yake kwa afisa biashara.

Choo bado. Amesema ni lazima kirekebishwe, lakini hakusema ni mimi au mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema ni mimi kwa kuwa ndiye ninayeleta watu wengi.

wakili_mdogo
Hilo la choo litategemea mkataba wenu, na kama hamjaandika mkataba basi una nguvu sasa kuliko utakavyokuwa nayo baadaye. Ilani ya afya inaweza kuandikwa kwa mwenye jengo au kwa anayelitumia. Usilipe miezi sita. Pendekeza ulipe miezi miwili, gharama ya shimo na choo ikatwe kwenye kodi inayofuata, na iandikwe hivyo, na risiti za fundi ziambatanishwe.

duka_nansana
Huku kwetu mwenye nyumba ndiye anajenga choo. Mpangaji anasafisha.

afya_mstaafu
Nimeona miji inayofanya hivyo na miji inayomdai mpangaji. Mwombe afisa akuandikie kwenye karatasi ile ile ilani ya choo inaelekezwa kwa nani. Ana uwezo wa kuiandika kwa jina la mwenye nyumba, na karatasi hiyo itakusaidia zaidi ya mabishano.

Kuhusu kibao cha sigara, kiweke kweli. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya sehemu za umma na karibu nazo hadi mita 50.

mama_kalo
Sawa. Fundi ameanza shimo, udongo ni mgumu sana kwa chini. Amechimba mita moja na nusu, akamwaga maji kujaribu, baada ya saa moja yalikuwa hayajashuka hata nusu. Niendelee?

afya_mstaafu
Usifunike bado. Huo ni udongo wa mfinyanzi, shimo la kunyonya hapo litajaa ndani ya wiki chache. Mwambie achimbe zaidi uone kama anafikia tabaka la mchanga au changarawe, kisha arudie jaribio hilo. Asipolifikia, achana na shimo la kunyonya, ujenge la kuta zisizovuja linalofyonzwa na gari, au uulize NWSC, shirika la maji na majitaka, kama bomba la majitaka liko karibu. Piga simu kwa afisa kabla ya kubadilisha, kwa sababu karatasi yake inasema shimo la kunyonya, na akija akute kitu kingine bila kuambiwa ataandika upya.

mama_kalo
Nimempigia. Anakuja kesho saa nne kuliona shimo likiwa wazi. Mwenye nyumba pia nimemwita awepo.